Mada Iliyoondoka Kabla ya Saa

Mjomba Kengele alipanga treni miaka thelathini na moja bila kugonganisha hata mbili, na kama hukujua, kaa naye dakika tano. Utaambiwa mara tatu. Basi mpwa wake, muuguzi wa wodi ya watoto njiti, alipokwama na ratiba ya mkutano wa wauguzi, hakumpigia msomi yeyote. Alimpigia yeye.

Saa mbili asubuhi, vijitabu vya ratiba vilikuwa vimekwisha mezani pa usajili. Lilibaki bango moja ukutani, na watu wamelizonga kama siafu. Muuguzi akainua simu juu ya vichwa, akapiga picha, akamtumia mjomba.

"Huku chini kumekatika," mjomba alisema. "Naona bega la mtu."

"Huko ni nembo za wafadhili tu, mjomba. Wewe tazama saa nne na nusu."

Saa nne na nusu hadi saa tano na robo, ukumbi mkubwa: namna ya kuwatia joto watoto njiti pasipo mashine. Hiyo ndiyo aliyotumwa na matroni, maana wodini ilibaki mashine moja, na watoto ni sita. Saa nne na nusu hiyo hiyo, chumba cha juu ghorofani: watoa mada wanne, dakika ishirini kila mmoja. Wa tatu angesoma utafiti ulioanzwa na mdogo wa huyu muuguzi, naye pia muuguzi, aliyefariki kabla hajaumaliza. Mama yao, ambaye miguu ilikuwa imemgomea, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: "Nirekodie wakilitaja jina la mwanangu."

"Mjomba, nitajigawaje?"

"Tulia wewe. Treni hazikunishinda, zinishinde hotuba mbili? Wa kwanza saa nne na nusu. Wa pili saa tano kasoro kumi. Wa kwetu saa tano na kumi. Kaa ukumbini, kiti cha karibu na mlango. Saa tano na tano, ondoka. Ngazi dakika tatu, dakika mbili za kufuta jasho. Unachokosa ni maswali ya mwisho, na maswali ya wasomi unayajua: mtu anajisifu, halafu anaweka alama ya kuuliza."

"Kama wewe, mjomba."

"Mimi siulizi, mwanangu. Mimi najisifu tu."

Akaichora ratiba ile kwenye karatasi, akapiga mstari mwekundu pale pa kuvuka, akaipiga picha na kuirudisha.

Muuguzi aliifuata kama amri. Ukumbini aliandika kurasa tatu: mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, nguo ya kumfunga imkaze. Saa tano na tano akatoka kwa kunyata. Akapanda ngazi, simu ikiwa tayari inarekodi, akasukuma mlango.

Makofi.

Yule mtoa mada wa tatu, mwenzake wa marehemu, alikuwa anakusanya karatasi zake. Alipomwona muuguzi, uso ukamshuka. "Dada, wa pili hakufika, mwenyekiti akatusogeza mbele. Nilikutafuta kwa macho mpaka nikapoteza mstari. Mwishoni mwenyekiti alituomba tusimame, chumba kizima, dakika moja kwa ajili ya marehemu." Akamshika mkono. "Nikusomee tena, hapa koridoni?"

Muuguzi akatikisa kichwa. Karatasi ingesomeka tena. Watu wale wangesimamishwa na nani?

Aliposhuka, bangoni hapakuwa na mtu. Chini kabisa, pale palipokuwa bega, paliandikwa: mtoa mada asipofika, anayefuata atasogezwa mbele.

Jioni alimkuta mjomba nyumbani kwa mama, karatasi yenye mstari mwekundu mfukoni kama cheti. Muuguzi akawaeleza yote bila kuficha, na bega asilisahau.

"Mimi ndiye niliyesema ni wafadhili," alimalizia.

"Na mimi nikakubali," mjomba alisema. "Kituoni ungeniletea karatasi iliyochanika, ningekurudisha nayo." Akaitoa ile karatasi mfukoni, akaikunja mara mbili. "Treni huchelewa, mwanangu. Miaka thelathini na moja, ya kwangu haikuondoka hata moja kabla ya saa yake."

Mama akaomba simu. Akaiweka sikioni, akasikiliza makofi. Sekunde tisa. Akasikiliza tena.

"Walikuwa wengi?"

"Kama arobaini, mama."

"Na walisimama?"

"Wote."

"Basi nisimamisheni na mimi."

Mjomba akamshika mkono mmoja, muuguzi mwingine. Simu ilikuwa kitini, inapiga makofi. Magoti ya mama hayakuwa na haraka, na kabla hajanyooka makofi yalikuwa yamekwisha.