Yale Maneno Yaliyosimama Kando ya Grafu

Mama mdogo wangu alirudi shule akiwa na watoto watatu. Ni mdogo wake mama, ameolewa kule Petta upande wa Uganda, na alikuwa ameacha masomo akiwa sinia tatu, yaani kidato cha tatu cha kwao, kwa sababu ya mimba. Shule moja ya huko ilikubali kumrudisha hiyo hiyo sinia tatu, lakini kwa masharti: akishindwa fizikia kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka, anarudia darasa. Na mume wake alikuwa amesema mapema, bila hasira, kwamba habari ya kurudia haimo. Mwaka mmoja wa kujaribu, basi.

Mimi nakaa Busia, upande wa Kenya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja chuo, na huku nangoja nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na stendi. Fizikia nilipata B, kwa hiyo kwenye ukoo mimi ndiye profesa. Mama mdogo alikuwa anaazima karatasi za mitihani ya zamani kutoka kwa wanafunzi wenzake, anapiga picha, ananitumia kwa simu, mimi namtumia majibu na maelezo. Ilikuwa inaonekana kazi rahisi.

Picha ya kwanza ilikuwa kama imepigwa ndani ya moshi. Nikaandika, "Haionekani, tuma tena." Akatuma tena. Ile ile! Nikaandika tena, "Mama mdogo, bado. Tuma nyingine." Ikaja nyingine, nyeusi zaidi ya ile ya kwanza, na kivuli cha kichwa chake katikati. Nikakasirika. Kwani anachezea muda wangu? Nikampigia.

"Mwanangu, mimi natuma, wewe unasema tuma," akasema. "Sasa nitume kitu gani ingine?"

Swali lake lilinishika. Kweli, nilikuwa sijamwambia kitu. "Tuma tena" ni kama kumwambia mtu aliyepotea njia atembee zaidi. Nikaanza kufikiria nini hasa kinaharibu picha zake. Nikamwuliza anapigia wapi. Ndani, karibu na jiko. Kioo cha kamera kikoje? Akacheka, akasema hapo ndipo kidole kinashika akitoka kukaanga. Nikamwambia afute kioo na nguo kavu, atoke nje penye mwanga, mgongo wake usiwe upande wa jua, karatasi ailaze chini, simu aishike kwa mikono miwili, atulie, halafu aguse maandishi kwenye skrini kabla ya kupiga. Dakika kumi, ikaja picha safi. Karibu yote.

Karibu, kwa sababu kulikuwa na jedwali la springi: uzito uliotundikwa kwa niutoni, na springi imevutika sentimita ngapi. Tarakimu ya kwanza ilikuwa imeangukia kwenye mkunjo wa karatasi. Ni nane au ni tatu? Nilivuta picha ikawa kubwa mpaka ikageuka viboksi viboksi. Mama wa fotokopi, yaani mwenye duka, alikuwa ananiangalia.

"Hata ukivuta mpaka kesho," akasema. "Kitu ambacho kamera haikuona, vidole vyako vitaona?"

Nikamwandikia mama mdogo: "Hiyo ya kwanza ni nane?" Akajibu haraka, "Ndiyo." Nikaanza kupiga hesabu. Nane ikavuta sentimita moja, sita ikavuta mbili, tisa ikavuta tatu. Springi gani hiyo, inayovutika kidogo ukiongeza uzito? Nikampigia tena.

"Mama mdogo, hiyo namba umeiangalia?"

"Wewe umesema nane. Umesoma. Mimi nani nikatae?"

"Usinisikilize mimi. Angalia karatasi, uniandikie kwa herufi, siyo kwa namba."

Akaandika: t-a-t-u. Tatu, sita, tisa. Kila niutoni tatu, sentimita moja. Springi ikarudi kwenye akili zake.

Siku hiyo niliandika kwenye daftari langu: usimpe mtu jibu ndani ya swali. Ukimwuliza "Ni nane?" atakupa heshima. Ukimwuliza "Ni ngapi?" atakupa namba. Nilijiona nimefika. Nikajiwekea sheria zangu: picha yenye ukungu sijibu, tarakimu ninayokisia sijibu, natuma kwanza swali la kitu kimoja tu kinachonisumbua. Wiki mbili nilifuata hivyo na nilikuwa najisikia mwalimu kamili.

Kumbe picha yenye ukungu angalau inakuonya yenyewe.

Jumapili, siku moja kabla ya ule mtihani wake wa mwisho wa mwaka, ilikuja picha ya grafu. Nzuri! Mistari myembamba, namba zote zinasomeka, mpaka alama za penseli za mwenye karatasi. Mstari ulipanda kutoka sifuri mpaka sitini ndani ya sekunde kumi, halafu ukalala kwenye kimo hicho hicho mpaka sekunde ya ishirini na tano. Chini kulikuwa na maswali mawili: eleza mwendo ulivyo kwenye kila sehemu, halafu tafuta umbali uliokwendwa kwenye sehemu iliyolala. Nilijibu mbio mbio. Sehemu ya kwanza, kasi inaongezeka, mchapuko, yaani ongezeko la kasi kila sekunde, ni sita. Sehemu ya pili, kasi haibadiliki, umbali ni sitini mara kumi na tano, mita mia tisa. Nikatuma. Akajibu, "Asante mwanangu, Mungu akubariki, nakwenda kufundisha na wale wasichana wangu." Wale wasichana ni wanafunzi wenzake wawili, wangeweza kuwa watoto wake.

Nikamwonyesha mama wa fotokopi. Nilitaka sifa, sikatai.

"Hii ni picha," nikasema. "Mwanafunzi wangu amekomaa."

Yeye hajasoma fizikia, lakini kila siku analaza karatasi za watu kwenye mashine na anajua wapi zinakatika. Aliangalia pembeni, siyo katikati.

"Karatasi yenyewe iko wapi?" akauliza.

"Si hiyo?"

"Hii haina kona hata moja. Juu imekatwa, kushoto imekatwa. Na hizi namba za kusimama ni za nini? Za magunia?"

Nilifungua mdomo kusema "za kasi", nikaona neno kasi haliko. Nilitafuta kwenye picha yote. Chini palikuwa na neno wakati, kwa sekunde. Kando, ambapo huwa pana maneno yaliyosimama wima, palikuwa hamna kitu, picha imeishia kwenye namba. Neno kasi nilikuwa nimelitoa kichwani mwangu, kwa sababu shuleni kwetu grafu ya umbo hilo tuliichora ya kasi mara nyingi.

Na kama ni ya umbali? Mstari uliolala kwenye grafu ya kasi ni mtu anayekwenda bila kupunguza. Mstari huo huo kwenye grafu ya umbali ni mtu aliyesimama. Umbo moja, majibu yanagombana. Na yeye sasa anawafundisha watu.

Nikapiga simu. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Jumapili huwa anapeleka simu kuchajiwa senta, kule kwenye maduka, na anaizima. Mama wa fotokopi akaniambia niache kupiga, niandike.

"Niandike nini? Kwamba nimekosea? Sijui kama nimekosea."

"Si uandike hivyo hivyo, kwamba hujui."

Ilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea. Profesa hajui. Niliandika: "Mama mdogo, lile jibu la grafu usilitumie kwanza. Picha imekatika na mimi nilikisia. Nataka vitu viwili. Kando ya grafu, kushoto, kuna maneno yamesimama. Geuza karatasi uyasome, uniandikie kila herufi. Halafu mistari yote ya maneno iliyo juu ya grafu, kuanzia namba ya swali." Sikuandika "ni kasi au ni umbali?" Nilijizuia. Angechagua ile ambayo angedhani naipenda.

Kama saa kumi akanipigia mwenyewe. Nyuma yake mtoto alikuwa analia na kuku wanapiga kelele.

"Mwanangu, kwani nimefanya kosa gani?"

"Kosa ni langu. Kuna maneno kando?"

"Yako. Mimi niliyakata."

"Kwa nini mama mdogo?"

Akasema polepole, "Mvua ilikuwa imekuja, nikapigia ndani. Pale kando kulikuwa kunaonekana sufuria zangu hazijaoshwa, na huko juu ni mguu ya mtoto na matope. Wewe unakaa mjini. Nitume nyumba yangu hivyo, watu wa duka waone?"

Mimi nilikuwa nimedhani amekata kuokoa bando. Nikamwambia tu, "Mimi pia sufuria zangu sijaosha." Ilikuwa kweli. Akacheka kidogo.

Akageuza karatasi akasoma herufi moja moja za Kiingereza. Umbali, kwa mita. Halafu akasoma mistari ya juu: mwendesha baiskeli anatoka nyumbani kwake...

"Baiskeli?" nikauliza.

"Baiskeli."

Kwa jibu langu la kwanza, baiskeli hiyo ilikimbia mita sitini kwa sekunde. Kwa saa ni zaidi ya kilomita mia mbili. Nilimwambia, na yeye akapiga ukelele.

"Hata wale wa kubeba mizigo Malaba hawakimbii hivyo! Mimi niliona hiyo namba ni kubwa, nikasema labda baiskeli ya Kenya."

"Ungeniuliza!"

"Nikuulize wewe?" akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha sana.

Tukaanza upya. Sehemu ya kwanza, anakwenda kwa kasi isiyobadilika, mita sitini kwa sekunde kumi, ni sita kila sekunde. Sehemu iliyolala, amesimama, umbali wa kipande hicho ni sifuri. Akarudia kwa maneno yake mpaka nikaamini. Wale wasichana akasema atawakamata asubuhi getini kabla hawajaingia, na kweli aliwakamata, mmoja akamwambia, "Mama, jana ulikuwa unatuua."

Mtihani ulikuja na grafu, lakini ilikuwa ya maji yanayopoa. Aliniambia alipindua karatasi kusoma maneno ya kando mpaka mwalimu akamwuliza kama shingo inauma.

Wiki tatu baadaye ikaja picha ya ripoti yake. Mwanga mzuri, herufi zimenyooka. Fizikia, hamsini na moja. Vidole vyangu vilikuwa tayari vinaandika hongera. Nikavisimamisha. Hamsini na moja ni kupita au si kupita kwa shule hiyo? Uamuzi huandikwa mstari wa mwisho, na chini ya karatasi palikuwa na kitu cheusi kimefunika.

Nikampigia. "Mama mdogo, mstari wa mwisho umeandikwaje?"

"Hapo ni kidole yangu."

"Nimeona. Chini yake?"

"Bado sijasoma. Nilitaka wewe uone kwanza."

"Siwezi kuona. Toa kidole, usome mwenyewe. Mimi niko hapa."

Nilisikia karatasi. Nilisikia anasoma Kiingereza kwa pumzi, neno moja, akarudi mwanzo, akasoma tena kwa sauti ya kanisani: amepanda, sinia nne. Halafu akaitupa simu mahali bila kuikata, na kwa muda mrefu nikawa nasikia tu anaita watoto wake, mmoja mmoja, kwa majina yao yote.