Elfu Kumi na Mbili na Ushee

Mimi ni bwana mifugo. Nililetwa kata ya Dirma kutoka Songea kwa barua ya uhamisho yenye mistari minne, na mwaka wangu wa kwanza niliumaliza kwa kulalamikia upepo. Kilichonituliza ni kikundi cha akina mama kumi na mmoja wanaofuga kuku wa kienyeji. Walinizoea, wakanipa mayai na maneno, na siku moja nikawashauri tuanze chaneli ya video. Niliwaambia Tanzania nzima inataka kujua namna ya kulea vifaranga. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimenunua simu mpya yenye kamera nzuri na nilikuwa natafuta kisingizio cha kuitumia.

Kumbe Tanzania nzima ilitaka kweli. Katika miaka miwili chaneli ikafika wafuatiliaji elfu kumi na mbili na ushee. Huo ushee ndio uliotaka kutugombanisha.

Yeyote akifungua chaneli yetu kwenye simu yake anaona "elfu 12.4". Mimi, kwa sababu chaneli imesajiliwa kwenye simu yangu, nina dashibodi ya mwenye chaneli, na humo namba inakuja nzima, hadi mtu wa mwisho. Kila jioni kabla ya kula niliifungua nikaandika namba ya siku hiyo nyuma ya daftari la chanjo. Sikumwambia mtu. Hakuna aliyeniuliza, na kusema kweli nilifurahia kuwa na kitu ninachokijua peke yangu. Mtumishi wa kata hana siri nyingi.

Mwenyekiti wa kikundi ni mama mmoja mrefu, mchapakazi, anayeongea kama anasoma tangazo. Ndiye alikuwa anazungumza kwenye kila video. Lakini alikuwapo bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa na hamu ya kuzungumza mbele ya kamera. Hamu hiyo hakuificha. Kila nilipoinua simu alijifunga kanga upya na kusogea. Na kila mara mwenyekiti alimrudisha nyuma kwa heshima zote: "Bibi, shikamoo, tusubiri kidogo." Sababu aliniambia pembeni. Kiswahili cha Bibi kilikuwa kizito, kimejaa sauti za kwao, na watazamaji wa mijini wangecheka. Iliniuma, maana hakuna mtu kata nzima aliyejua kuatamisha kuku kama yule bibi. Nilikuwa na cheti cha mifugo ukutani na bado nilikwenda kumuuliza yeye.

Basi kikundi kikapatana hivi: video ya Jumamosi ya kuchagua mayai atazungumza yule atakayeibadilisha namba. Yaani simu zikisema 12.4, atakayeifanya iseme 12.5 ndiye mzungumzaji. Mwenyekiti ndiye aliyetoa wazo, na wote wakapiga makofi, Bibi kuliko wote.

Jumatano ulikuwa mnada. Bibi aliondoka asubuhi na mapema na mjukuu wake mmoja, mwanamke mtu mzima mwenye simu na bando la kugawia watu. Alizunguka mnada mzima. Aliingia kwa wauza mbuzi, kwa wauza mitumba, kwa wachoma nyama, akamsimamisha kila mwenye simu janja na kumwambia, "Nisaidie mwanangu, bonyeza hapa, kuna kuku zangu." Nani atamkatalia bibi wa namna hiyo? Kila aliyebonyeza, mjukuu alimwandika jina kwenye daftari la shule. Jioni daftari lilikuwa na majina sitini na moja.

Wakaja nyumbani kwa mwenyekiti, wakafungua simu. Elfu 12.4.

Mimi siku hiyo nilikuwa kata ya jirani, Gehandu, kwenye chanjo ya ng'ombe, kwa hiyo hayo nilisimuliwa. Wanasema Bibi aliitikisa ile simu. Wanasema mama mmoja alimtania, "Bibi, wewe ulikwenda kula nyama choma tu," na wengine wakacheka. Bibi naye akacheka, kisha akachukua fimbo yake akaenda zake bila kunywa chai. Huku mtu mzima kuiacha chai ni jambo zito.

Alhamisi asubuhi mwenyekiti aliwapigia wadogo zake wawili walioko Babati wajiunge. Wakajiunga. Akafungua simu: elfu 12.5! Vigelegele nilivisikia nikiwa bado nashuka kwenye pikipiki. "Watu wawili tu, bwana mifugo," aliniambia akiwa amejaa furaha. "Wa Bibi sitini hawakufua dafu."

Nilifungua daftari langu la chanjo pembeni. Jumanne jioni: 12,435. Jumatano jioni: 12,498. Alhamisi hii, kwenye dashibodi: 12,500. Kila kitu kilikuwa wazi mbele yangu, na nikanyamaza. Naandika hili kwa aibu. Namwogopa mwenyekiti, hilo la kwanza. La pili, ningesema ningeulizwa kwa nini miaka miwili nilijua namba kamili na sikuwapa. Nikajiambia nitasema Jumamosi. Ijumaa nilipita nyumbani kwa Bibi, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa ameshika yai mkononi na hakuwa analifanyia chochote.

Jumamosi tulikutana uani kwa mwenyekiti. Kikapu cha mayai kilikuwa tayari, mwenyekiti amevaa gauni la kitenge jipya. Bibi alikuja na mjukuu wake, akakaa nyuma kabisa. Nikawasha simu kuandaa kamera, na kabla sijaibonyeza mwenyekiti akapiga ukelele. Alikuwa ameifungua chaneli ili aisome namba yake mwanzoni mwa video.

"Elfu kumi na mbili nukta nne! Imerudi! Nani ametuibia watu mia?"

Akina mama wote wakatoa simu. Nne. Nne. Nne. Mmoja akasema ni wale wa Babati wamejitoa. Mwingine akasema mtandao umelogwa. Mwenyekiti akanigeukia, na macho yake hayakuwa ya tangazo. "Bwana mifugo, chaneli iko kwako. Watu wetu mia wako wapi?"

Nilifungua dashibodi. 12,499. Mtu mmoja, mmoja tu, mahali fulani duniani, alikuwa ametuacha tangu jana. Nikaanza kucheka. Najua haikuwa heshima, lakini nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye gunia la pumba, na woga wangu wote ukaishia pale.

"Hakuna mia," nikasema. "Ni mmoja."

Nikawaeleza. Kwamba namba inayoonekana na kila mtu si namba kamili. Chaneli ikiwa chini ya watu elfu moja inaonyeshwa yote. Ikivuka hapo, mtandao unaonyesha tarakimu tatu za mbele tu na nyingine unazikata, kwenda chini, kamwe si juu. Kwa hiyo kuanzia 12,400 hadi 12,499 simu za watu wote zinasema kitu kile kile, 12.4. Mtu mmoja akiingia juu ya tisini na tisa, wote wanaona kama wamekuja mia. Akitoka huyo mmoja, wanaona kama wameondoka mia.

"Na kwa nini wanatuficha?" mwenyekiti akauliza, mikono kiunoni.

Nikamwambia nilichosoma: wenye mtandao walisema walitaka namba ifanane kila mahali inapoonyeshwa, na pia kuwapunguzia wenye chaneli mateso ya kutazamwa na watu wakihesabu kila anayeingia na kila anayetoka, na kushindanisha chaneli moja na nyingine. Mwenye chaneli anabaki na hesabu kamili ndani kwake. Nikaongeza kwamba mateso hayo nayajua, maana kuna jioni walitoka watatu nikakosa hamu ya ugali.

Kutoka nyuma Bibi akasema, kwa Kiswahili chake chenye milima, "Hapo kuna jipya gani? Mgeni akiniuliza ng'ombe zangu ni ngapi, mimi namwambia zipo kidogo. Anataka nini na ndama yangu? Lakini jioni zizini mimi nahesabu mpaka yule kilema. Kwani ninyi mnamtajiaga mgeni?"

Hakuna aliyemtajia mgeni. Hata mimi, afisa mwenye fomu rasmi, nimeshaambiwa "zipo kidogo" na watu waliofunikwa na vumbi la mifugo yao. Akina mama wakacheka, na nikaona wameelewa kuliko nilivyoeleza.

Kisha nikatoa daftari la chanjo. Nikasoma Jumanne, nikasoma Jumatano, na ili pasiwe na mjadala nikafungua kwenye dashibodi lile jedwali la siku kwa siku, ambalo huchelewa siku mbili hivi na sasa lilikuwa limeshafika. Jumatano: sitini na tatu. Alhamisi: wawili.

Yule aliyetania nyama choma alitazama viatu vyake.

"Sitini na tatu?" mjukuu akasema. "Mbona sisi tuliandika sitini na moja?"

"Hao wawili sijui wametoka wapi," nikasema.

"Ni wangu," Bibi akasema haraka. "Ni wale waliosema bando hawana, watabonyeza nyumbani. Niliwaambia nitawajua wasipobonyeza."

Mwenyekiti alichukua simu yangu, akaisogeza karibu na macho, akaitazama ile sitini na tatu kwa muda mrefu. Nilijiandaa kugombezwa, na kweli nilikuja kugombezwa vizuri sana, lakini baadaye. Kwanza alikwenda nyuma alipokaa Bibi, akapiga goti chini na gauni lake jipya. "Shikamoo, Bibi. Nilipigiwa vigelegele vyako."

"Marahaba," Bibi akasema. "Gauni litachafuka."

Akamwinua kwa mkono akamleta mbele ya kikapu. Nikabonyeza kurekodi. Bibi, ambaye miaka miwili alikuwa akijifunga kanga kwa ajili ya dakika hiyo, akaiangalia kamera na maneno yote yakamkimbia. Midomo ilitikisika tu. Nikahesabu sekunde moyoni, na nikaomba kimya kimya, mimi nisiyeomba mara nyingi. Ndipo mwenyekiti, akiwa nje ya picha, akanong'ona, "Bibi, na mimi hili sijawahi kulijua. Yai la kuatamisha, likingoja kuku, unaliweka vipi?"

Bibi akamgeukia yeye, si kamera. Akachukua yai, akaligeuza. "Hivi. Ncha chini. Pumzi ya kifaranga iko huku juu, penye upana. Ukigeuza hapa pana pakawa chini, utakaa unangoja bure." Na hapo akafunguka. Alizungumza dakika kumi na moja, na sauti za kwao zote zilikuwemo, na kila neno lilieleweka. Alitutuma maji, akatutuma majivu, akamkemea jogoo aliyepita. Sikukata hata sekunde. Nilipozima simu nilikuta mwenyekiti ameng'ang'ania ukingo wa kikapu na machozi yanamshuka, anacheka.

"Rudia," akasema. "Rudia yote, Bibi. Mimi nitakaa hapa chini nijifunze."