Mbuzi Kwenye Dashibodi

Seva yetu ya mchezo wa kujenga tuliiendesha mimi na binamu yangu kutoka saiba yake, duka lake la intaneti, pale Kitui. Wachezaji wetu walikuwa hawasemi lolote mpaka mchezo ukwame, halafu wanatutukana kwa pamoja. Nikachoka. Nikatengeneza dashibodi, ukurasa wa grafu wenye mistari miwili: mmoja wa idadi ya wachezaji, mwingine wa muda wa tiki, yaani muda ambao seva inatumia kumaliza mzunguko mmoja wa hesabu zake. Ukizidi milisekunde hamsini, mchezo unaanza kujikokota.

Baada ya siku chache nikaona mstari wa muda unapanda kidogo kidogo, na wachezaji ni wale wale. Basi mzigo haukuwa watu. Nikaingia ndani ya mchezo kutafuta, nikakuta mbuzi. Sisi watu wa Ukambani! Tumepewa ulimwengu mzima tujenge majumba, tumejenga mazizi, mbuzi wanazaana, na seva inahesabia kila mbuzi hatua zake.

Hamsini ilikuwa bado mbali. Binamu, kwa majivuno, akaweka dashibodi kwenye skrini ya ukutani mwa saiba ili wachezaji waliokuja hapo wajionee.

Malalamiko yakaanza siku hiyo hiyo. Mchezo haukuwa na shida yoyote, lakini kila mtu alikodolea macho ule mstari akiapa kwamba anakwama, na kosa ni la mbuzi wa jirani.

"Sawa," nikasema, "sasa naweka mstari wa tatu: idadi ya mbuzi wa kila mtu, na jina la mwenyewe."

Binamu yangu akainuka, akazima skrini.