Nilimjibu Senge Mbele ya Wakwe

Nimekosa jamani, na sitajitetea. Niliyemkosea yuko chini ya udongo wa kijiji cha Kwapa, na mimi niko hapa Busia nakula, nalala, naamka kama watu. Jina langu sitalitaja. Anayenijua atanitambua tu akisoma, na akinitambua, basi, aniseme.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, nakaribia arobaini, sijaolewa. Kazi yangu ni kuwaandalia madereva wa malori karatasi za forodha hapa mpakani, upande wa Uganda. Kwetu ni Lumino. Dada ya baba kwetu tunamwita senge, na mimi ninao masenge kadhaa, kila mmoja na mdomo wake!

Kwa miaka mingi nilikuwa hodari wa kuwajibu. Binamu zangu ambao hawajaolewa walikuwa wanakuja kwangu niwafundishe. Senge akiniambia, "Wewe, sisi tutakula kuku yako lini?" mimi namjibu, "Senge, bwana alifika mpakani, lakini karatasi zake zilikuwa na makosa. Nimemrudisha akarekebishe." Wote wanacheka. Kabla kicheko hakijaisha nishamuuliza habari za goti lake, au nimemwongezea samaki kwenye sahani, na mambo ya ndoa yamekwisha mpaka Krismasi nyingine.

Hakuna uchawi. Usibishane nao. Usinune. Jicheke mwenyewe, au mcheke huyo bwana asiyekuwepo, maana hana mama wa kumwonea uchungu. Ukiweza, mpe senge kazi: "Nitafutie wewe basi, lakini awe na meno yote, na asikorome." Hapo mzigo unakuwa wake. Na akitaka kumalizia yeye kwa utani wake, mwache amalizie, cheka, ondoka na vyombo.

Kitu kimoja tu hukigusi, nacho ni nyumba yake. Ndoa yake, watoto wake, tumbo lake, huko mguu wako usifike. Hilo nililijua vizuri kuliko binamu zangu wote, na ndilo nililolivunja mimi!

Senge Ajiambo alikuwa mdogo wa masenge zangu. Ndiye aliyenisuka nywele nikiwa mtoto, ndiye aliyekaa na mimi hospitalini nilipougua malaria ya kichwani. Aliolewa Kwapa, kule Tororo, na mwanaume aliyekuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Siku moja akarudi nyumbani kumuuguza bibi. Bibi akafa, Senge hakurudi. Ukimuuliza alikuwa anasema, "Nimekuja kusalimia tu, nitakwenda." Miaka ikapita akiwa bado anasalimia.

Kila mtu alijua. Hakuna aliyesema. Ng'ombe za mahari hazikurudishwa, hakuna kikao kilichokaa, kwa hiyo kimila bado alikuwa mke wa mtu. Baba mdogo, ndugu ya baba, alimpa kijumba nyuma ya boma, akapanda mihogo yake, akaishi na heshima yake. Wageni wakija anaitwa mke wa Kwapa. Heshima ile ilishikiliwa na midomo yetu tu.

Sasa mdogo wangu akapata mchumba. Wakwe wakaja kujitambulisha, watu wazima, wanaojua mila. Siku hiyo senge ndiye anayemtoa binti nyumbani, anamshika mkono, anampeleka mbele ya wageni. Na senge huyo anatakiwa awe amesimama kwenye ndoa yake, maana wanaamini mkono ulioachia nyumba haumpeleki mwingine kujenga nyumba. Mdogo wangu alimtaka Senge Ajiambo, hakutaka mwingine. Wazee wakaangaliana, wakakubali. Senge alifurahi, Mungu wangu! Alishona gomesi mpya ya rangi ya zambarau, akaipiga pasi mpaka mama akamtania kwamba ataichoma.

Mimi wiki hiyo nilikuwa nimekufa ndani kwa ndani. Kulikuwa na mwanaume wa Malaba, upande wa Kenya, tuliyekuwa pamoja kwa siri muda mrefu. Nilikuwa nimesikia kwa watu, si kwake, kwamba ameoa. Nyumbani hakuna aliyejua. Nikavaa, nikatabasamu, nikashika jagi la kunawisha wageni mikono.

Napita kwenye hema, nawasikia mama wawili wa upande wa wakwe wakinong'ona. Mmoja anauliza kwa nini mdogo anatoka kabla ya mkubwa, kuna nini na huyu mkubwa. Nilisikia. Na Senge Ajiambo aliyekuwa amesimama mlangoni, akisubiri kumtoa bibi harusi, alisikia pia.

Akapaza sauti, akicheka: "Wageni wetu, hii mukubwa musiogope! Mwanaume ya yeye iko kiwandani bado wanatengeneza. Saizi yake ilikosa duka yote, hapa mpaka Tororo!"

Hema likacheka. Hata wale mama wawili walicheka. Kilichotakiwa kwangu kilikuwa kidogo tu. Ningesema, "Senge, na waambie waongeze kimo," nikaendelea kunawisha. Jibu lilikuwa mdomoni! Lakini niliona vicheko vyote vinanilenga mimi, nikawa kama namwona yule wa Malaba na mke wake wakicheka humo humo, na damu ikanipanda.

Nikasema kwa sauti, na nikiwa natabasamu, "Wakichelewa kiwandani nitachukua yule wako, Senge. Si ulimwacha Kwapa? Umesalimia hapa miaka mingapi, bado hujachoka?"

Watu walicheka. Ndiyo, walicheka kwanza, kwa sababu nililisema kama mzaha. Kisha upande wetu wakaacha, na upande wa wakwe wakaacha, na yule mama mkubwa wao akamgeukia Baba mdogo na kumuuliza kwa adabu, "Samahani, mzee. Kwani senge hayuko kwake?"

Baba mdogo angeweza kudanganya chumbani, lakini si pale, mbele ya watu walioleta ng'ombe. Aliinamisha kichwa. Msemaji wa wakwe akaomba kwa upole kabisa, kama kuna senge mwingine, basi ashike mkono yeye, ili watoto wasije wakasumbuliwa mbele ya safari.

Senge Ajiambo alivua shanga alizokuwa amevaa kwa shughuli ile, akamvisha dada yake aliyeolewa Masaba, akamrekebishia na gomesi begani, akapita nyuma ya nyumba. Mdogo wangu alitoka analia, na wageni wakadhani ni machozi ya bibi harusi.

Jikoni mama alinishika mkono akanifinya kama mtoto. "Wewe ulifanya nini? Alikuwa anakufunika! Wale wanawake walikuwa wanasema wewe iko na laana, yeye akaleta kicheko wasahau. Wewe ukamvua nguo!"

Nilijibu nini? Nilijibu kwamba hata mimi nina moyo. Ni kweli ninao, lakini ulinifaa nini!

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda haraka. Jambo likishasemwa mbele ya wakwe, wazee hawawezi tena kujifanya hawalijui. Kikao kikaitwa. Ama itangazwe kwamba ameachika, mahari irudishwe, na siku akifa azikwe pembeni, nje ya boma, kama wanavyozikwa mabinti wasio na kwao, ama arudi kwa mume wake. Wake za ndugu zetu, waliokuwa wanamwita mama, wakaanza kumwita mgeni. Baba mdogo alijaribu kumtetea lakini hakuwa na la kusema, mimi nilikuwa nimeshalisema lote.

Senge akachagua mwenyewe. Alisema hatazikwa pembeni kama mwizi. Akafunga vitu vyake akarudi Kwapa, kwa mwanaume aliyemkimbia.

Nilikaa muda bila kumtembelea. Nilikuwa naona aibu, na aibu ile nilikuwa naiita kazi nyingi. Nilipokwenda ilikuwa msimu wa mvua. Mume wake alikuwa amekaa kwenye chungu cha pombe na wenzake, mrija mdomoni, akanionesha kwa kidole alipo Senge, bila kuinuka. Nyumba kubwa ilikuwa ya mke mwingine. Senge alikuwa amepewa jiko la zamani, bati limetoboka, godoro kwenye mbao. Alikuwa amekonda, anakohoa kwa kushika ukuta.

Nikapiga magoti palepale kwenye tope. "Senge, siku ile…"

"Siku ile gani?" akanikatiza, huku anatabasamu. "Wewe amka, utachafua sketi, na mwanaume anakutazama pale kwa pombe, atasema Mungu amemuletea wa tatu!"

Nikacheka. Sikutaka, nikacheka! Nikajaribu tena. Akasema, "Mimi nilirudi kuangalia sufuria zangu. Ziko. Sasa kula, viazi vinapoa." Akaniwekea viazi, akaniuliza habari za mama, za mdogo wangu, kama mimba inamsumbua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mzaha, na kwa upendo, vilevile nilivyokuwa nikiufunga mimi mbele ya masenge zangu. Sikujua kwamba ukiwa upande wa nje unauma hivyo. Nikaondoka na msamaha wangu mdomoni. Nilimwambia nitarudi kumpeleka hospitali, nikimaliza malori yaliyokuwa yamejazana wiki ile.

Sikuwahi. Kifua kilimmaliza kabla. Jirani ndiye aliyetupigia simu, mume wake alisema hakuwa na namba zetu.

Alizikwa ndani ya boma la Kwapa, mahali pa mke, kama alivyotaka. Mwanaume yule alisimama akasema amempoteza mke mwema. Watu wa pale hawakujua wimbo hata mmoja aliokuwa anaupenda. Sisi wa Lumino tuliimba, lakini tulikuwa wachache na mvua ilitunyamazisha. Alizikwa na gomesi ya zambarau. Mama alisema hakuivaa tena tangu siku ile.

Na mimi? Hakuna anayenitania tena. Krismasi iliyopita nilikaa katikati ya masenge wote, senge wa Masaba akanitazama, akafungua mdomo, akaona ni mimi, akamgeukia mwingine kuuliza bei ya mahindi. Mdogo wangu ananisalimia kwa heshima, na mtoto wake hajawahi kulala kwangu. Wananiogopa jamani. Mimi, niliyekuwa nawachekesha!

Ndugu yangu unayesoma, wewe ambaye sikukuu ikikaribia unaanza kuogopa maswali yao, nakuomba. Siku moyo ukiwa na kidonda, usiende. Sema unaumwa, sema mpakani kumefungwa, sema lolote. Ukienda, jicheke mwenyewe, wape samaki, nyamaza. Na kama tayari umeshamjibu mtu vibaya na bado anapumua, acha hiyo kazi leo uende kwake. Akikufungia kwa mzaha, usikubali kula viazi ukaondoka. Kaa hapo hapo kwenye tope mpaka akusikie.