Kitufe cha Johana

Johana arap Sigei wa Boito alikuwa mtu wa barua. Wengine wakiudhika hununa, wengine hupiga kelele. Yeye aliingia ndani, akavaa miwani, akaandika. Alimwandikia mchungaji kuhusu urefu wa mahubiri. Alimwandikia mwenye lori la majani chai kuhusu dereva anayepiga honi kabla magunia hayajapimwa. Alimwandikia pia jirani ambaye mbuzi wake walikuwa wakila kabichi za Johana, ingawa kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ua tu. Na kila barua aliipeleka kwa mkono wake mwenyewe, akasimama hapo ikisomwa.

"Si ungemwambia tu?" mkewe Chepkemboi humuuliza.

"Maneno ya mdomo mtu huyajibu kabla hujamaliza," husema Johana. "Karatasi haikatizwi."

Basi mwaka ule wa tisini na tisa mambo ya karatasi yakamfika shingoni. Mwanawe Kipkurui alikuwa Amerika, amepelekwa na mbio zake kusoma chuo, na alitaka kumwoa Chemutai, binti wa Weldon arap Rotich wa ng'ambo ya mto. Koito, yaani siku ya wazee wa pande mbili kukaa na kupatana, ilikuwa imepangwa. Lakini Weldon aligoma.

"Sitoi binti kwa kijana asiyekuwepo," alisema. "Barua yaweza kuandikwa na yeyote. Na wewe, Johana, tunakujua, kalamu yako hailali."

Hilo Johana hakuweza kulikana. Wakabishana mpaka Weldon akalegeza kidogo: atakwenda Kericho mjini, pale kwenye duka la mtandao, aongee na kijana kwa kompyuta. Atamuuliza swali ambalo Kipkurui peke yake ndiye anaweza kulijibu. Kisha swali na jibu vitoke kwenye karatasi, ndugu zake wavione siku ya koito. Pasipo karatasi, hakuna koito.

"Hiyo ni rahisi," Johana akasema. Na kweli aliijua njia. Mara nyingi alikuwa amekaa pale akizungumza na mwanawe katika ule ukurasa wa gumzo, ambapo maneno hupanda juu ya kioo kisha hupotea, na huwezi kuyashika kwa namna yoyote isipokuwa moja: kitufe cha Print Screen, kule juu mkono wa kulia. Ukikibonyeza, kompyuta inapiga picha ya kioo kizima na kuificha tumboni. Kisha unafungua programu ya kuchora, unaibandika hapo, ndipo unachapisha. Karatasi hizo Chepkemboi aliwasomea wanawake wa kanisa mpaka zikachakaa kwenye mikunjo.

Siku tatu kabla ya miadi alikwenda kuhakikisha. Akakuta pale palipokuwa na kitufe pana shimo, kama pengo la jino. Akaangalia kompyuta ya pili: pengo. Zote zilikuwa na pengo.

Alikaa kwenye benchi, akaandika.

Meneja wa pale, Nyagaka, kijana wa Kisii mwenye subira nyembamba, aliipokea barua akiwa bado amesimamiwa na mwandishi wake.

*Kwa Meneja. YAH: KUREJESHWA KWA KITUFE CHA PRINT SCREEN. Bwana, nakusalimu kwa heshima. Nimeona kwa huzuni kwamba kompyuta zako zimeng'olewa jino moja, na ni lile tunalotafunia. Mimi ni baba. Jumamosi saa kumi jioni ndoa ya mwanangu itapita katika kitufe hicho. Nakuomba ukirudishe, walau katika kompyuta moja. Kama kuna sababu ya kukiondoa, niko tayari kuisikiliza. Ni mimi, Johana arap Sigei.*

"Mzee," Nyagaka akasema, "sababu iko. Watu wanasoma 'Print', wanabonyeza, wanatazama printa. Hakuna kitu. Wanabonyeza tena, wanakuja kwangu: 'Lete karatasi yangu.' Nawaambia hicho kinapiga picha tu. Wanasema nimeficha. Mama mmoja alinipekua droo. Nikaving'oa vyote, nikapata amani."

"Ungeandika tangazo."

"Mzee, nani anasoma tangazo?"

"Mimi nasoma."

Nyagaka alimtazama, akaitazama barua, kisha akacheka kwa kushindwa. Akainama chini ya meza akatoa kopo tupu la mafuta ya Kimbo, na ndani yake vitufe vikagongana kama mahindi makavu. Kila kibodi ilikuwa na umbo lake. Wakakaa wawili wakijaribu kimoja kimoja, mpaka kimoja kikaingia kwa mlio mdogo katika kompyuta ya dirishani.

"Hicho kimoja," Nyagaka akaonya. "Na ukae nacho wewe."

Jumamosi Weldon alifika amevaa koti lake la kuendea harusi za watu. Alikataa kukaa mpaka Johana aliposogeza kiti mbali kidogo na mashine. Saa kumi na dakika chache jina la Kipkurui likatokea kwenye kioo, na salamu zikapita. Johana akachapa kwa kidole kimoja, Weldon akinyoosha shingo kutoka kitini.

"Muulize: alipokuwa akichunga kwangu, ng'ombe gani alimvunja jino?"

Johana akachapa. Wakangoja. Jibu likapanda:

*Hakuwa ng'ombe. Alikuwa kondoo wako dume, yule mwenye kichwa cheupe. Ukasema nimeanguka mwenyewe. Hujaniomba radhi hadi leo.*

Weldon akakohoa. "Ni yeye," akasema polepole.

"Nimuulize lingine?"

"Muulize kama anamtaka Chemutai, kwa moyo wake."

Walingoja muda mrefu. Hata Nyagaka alikuwa amekuja kusimama nyuma yao. Ndipo likaja: *Ndiyo, namtaka. Waambie wazee waketi.*

Johana akabonyeza. Pumzi moja baadaye, laini ya simu iliyoleta mtandao ikakatika, na ukurasa wote ukageuka kuwa mweupe, na maandishi ya kusema haupatikani.

"Ameenda," Weldon akasema. "Na hakuna karatasi iliyotoka." Akanyoosha kidole kuelekea kitufe. "Bonyeza tena, labda hukukikandamiza vizuri."

Johana akaudaka mkono wake hewani. "Usiguse. Ukibonyeza sasa, itapiga picha ya huu weupe, na ile ya kwanza itafutika."

"Umeona, mzee?" Nyagaka akasema. "Hao ndio wateja wangu."

Nyagaka mwenyewe akafungua programu ya kuchora, akabandika. Maneno yote yakarudi, swali na jibu, kama yalivyokuwa. Printa ikalalamika, ikatema karatasi.

Weldon akaisoma mara mbili. "Hapa chini pazuri sana. Hapa juu pa kondoo, tukate na makasi."

"Karatasi iliyokatwa si ushahidi," Johana akasema. "Ndugu zako watauliza umeficha nini."

Siku ya koito karatasi ilizunguka mkono kwa mkono. Wazee walifika kwenye *namtaka*, wakaridhika. Kisha shangazi mmoja wa Weldon, Chepchirchir, aliyeshika karatasi akiwa amevaa miwani ya kuazima, akaanza upya kutoka juu. Akauliza kondoo huyo ni yupi. Kikao kikasimama. Weldon, mwenye kudai mali siku hiyo, ikambidi aombe radhi kwanza, na katika kondoo wa mahari walioombwa kwa upande wa Johana wazee wakapunguza mmoja, fidia ya jino.

Jumatatu Nyagaka alirudisha vitufe vyote, na ukutani akabandika tangazo lenye mwandiko wa Johana: *Kitufe hiki hupiga picha tu. Karatasi haitoki. Usimpekue meneja.*

Johana alimletea pia barua ya shukrani, akasimama ikisomwa. Aya ya pili ilihusu benchi, lililokuwa na msumari.