Magunia Matatu ya Januari

Kila gunia la unga lililoagizwa na kulipwa kwetu lilimpa mteja pointi moja, na pointi kumi zilimpa gunia la bure. Mimi nilikuwa mhasibu wa depo hiyo ya unga hapa Lubumbashi. Mama mmoja wa mtaa wa Kasungami, mchoma mikate, alikuwa na pointi thelathini na mbili. Hakuwa amegusa hata moja, maana binti yake angeolewa Januari, naye alitaka mikate ya harusi itoke kwenye tanuri lake.

Mwezi wa kumi na moja aliniuliza kuhusu pointi zake, "Papa, mapwe yangu ingali?"

"Ingali, mama. Mu kitabu iko deni yetu kwako."

Sikumdanganya. Kwa kila gunia, sehemu ndogo ya bei sikuiandika kama mauzo. Niliiweka kwenye madeni ya wateja mpaka pointi zitumike. Lakini yeye alisikia deni, akafikiria likelemba, ule mchango wao wa zamu, ambapo anayekubali kupokea mwisho hapotezi kitu. Sikumwambia kwamba deni letu lina siku ya kufa. Ujumbe wa kutaja siku hiyo ulitumwa kwenye simu yake kwa Kifaransa, lugha asiyoisoma. Mimi nilijua hilo, nikakaa kimya kama mjinga.

Tarehe thelathini na moja Desemba mashine ya hesabu ilifuta pointi zote za mwaka. Kilichonibakia mimi ni kuandika: punguza madeni ya wateja, ongeza mauzo. Niliandika, zake zikiwemo. Watu husema dawa ya deni ni kulipa. Sisi tulikuwa na dawa nyingine.

Alikuja wiki iliyofuata na mkokoteni wa kukodi.

"Ilikufa, mama."

"Deni inakufa namna gani? Nani alikula?"

Nilikimbilia kwa bosi, mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa kanisa. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa. "Nikimufungulia yeye, kesho bote bako hapa. Na bote bana haki sawa." Mashine nayo haikuwa na mahali pa kubonyeza huruma, na kilichobaki cha mshahara wangu hakikutosha hata gunia moja. Nilijiona bure kabisa.

Mama hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Alifungua kitambaa, akatoa pesa za viatu vya bibi harusi, akanunua magunia matatu. Risiti ikatoka, na chini yake: pointi mpya, tatu.

Aliweka kidole juu ya hiyo tatu.

"Na hii, papa, itakufa siku gani?"

Nilichukua kalamu nikamwandikia tarehe kwa tarakimu kubwa, kazi ya nusu dakika. Mwaka mzima alikuwa akisimama mbele ya meza ileile, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.