Mkataba Ulikuwa wa Baba Watoto

Baba watoto wangu alipohamia Lamadi kwa mwanamke mwingine, nilimwendea mwenye nyumba wetu hapa Bariadi, nikamwomba mkataba wa pango auandike kwa jina langu. Alinisikiliza kwa upole.

“Mama, mpangaji wangu ni mzee wako, na mkataba haujaisha. Akikubali kuuvunja mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nitakuandikia wewe.”

Nilimpigia mume wangu palepale, nikaweka sauti ya juu ili mwenye nyumba naye asikie.

“Siuvunji,” alisema. “Mwezi ujao narudi humo na mwenzangu. Wewe tafuta pa kwenda.”

Mwenye nyumba alitazama chini. “Pole, mama,” aliniambia. Nilirudi chumbani nikaanza kukunja nguo za watoto.